Dakika 12 Zisizo na Kazi



“Ana akili lakini ni mtundu. Apunguze kelele darasani.”

Sentensi mbili za namna hii hutoka katika shule nyingi za msingi kila Juni na kila Desemba, shule zinapofungwa. Mwalimu wa darasa huwa ameziandika akiwa na rundo la ripoti mezani, huku mwalimu mkuu akizisubiri ili atie sahihi na kupiga muhuri. Si za uongo. Mtoto anayezungumziwa kweli ana akili, na kweli anapiga kelele. Hata hivyo zina kasoro kubwa, na ndiyo inayojadiliwa hapa, kwa sababu humfanya mtoto akaripiwe nyumbani kwa jambo ambalo chanzo chake kiko darasani, kisha shule zikifunguliwa aanze tena palepale alipoishia.

Kwanza inafaa kujua ripoti itasomwa na nani. Mzazi ndiye anayefikiriwa, na kwa kawaida macho yake huenda moja kwa moja kwenye nafasi: wa 2 kati ya 58. Baada ya hapo hushuka kwenye maoni. Akikuta utundu na kelele, hakuna somo, saa wala tukio analoweza kuliulizia, kwa hiyo hubakiwa na mambo mawili ya kufanya jioni hiyohiyo: kukemea au kuchapa. Msomaji wa pili ni mwalimu atakayelipokea darasa mwaka unaofuata. Yeye huambiwa tu kwamba anakuja mtoto wa kuchungwa, naye humtafutia dawati la mbele kabisa hata kabla hajamsikia akijibu swali. Msomaji wa tatu husahaulika, naye ni mtoto mwenyewe. Katika nyumba nyingi, hasa anakolelewa na bibi au babu, ni yeye anayeshika karatasi na kuwasomea wakubwa kwa sauti. Anasoma hukumu yake mwenyewe mbele ya watu anaowapenda, na karatasi haimwambii atoke vipi.

Maoni yanayowafaa wasomaji hao watatu hayapatikani kwa kutafuta maneno ya upole. Mtoto anayeharibu kazi ya wenzake hana budi kuambiwa hivyo, na mzazi wake ana haki ya kujua. Yanapatikana kwa mwalimu kujua jambo gani hasa linatokea, dakika ipi na katika somo lipi, kabla hajashika kalamu. Sehemu kubwa ya kazi ya kuandika maoni hufanyika wiki nyingi kabla ya siku ya ripoti.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya mhadhara huu, lakini umejengwa juu ya mambo ambayo mwalimu yeyote wa shule ya msingi huyaona. Ni mwanafunzi wa Darasa la Tano katika shule ya serikali Tanzania, darasa la wanafunzi 58, madawati ya kukaa watatu watatu. Alama zake za Hisabati haziteremki chini ya 44 kati ya 50. Mwezi Machi jina lake linakuwa la kwanza karibu kila siku kwenye orodha ya wapiga kelele ambayo kiranja huiandika ubaoni mwalimu akitoka. Walimu wawili wameshalalamika ofisini. Mmoja anapendekeza ahamishiwe mkondo mwingine.

Orodha ya kiranja ndiyo ushahidi unaotumika sana kuandika maoni, na ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote. Inasema nani alisema, haisemi lini wala kwa nini. Aliyemwomba jirani ufutio na aliyerusha karatasi huandikwa kwa chaki ileile. Zaidi ya hapo, mtoto aliyezoeleka kuandikwa huandikwa hata siku aliyonyamaza, maana kiranja naye ni mtoto, anajua jina lipi halitamletea maswali kutoka kwa mwalimu. Mwalimu anayejaza ripoti kwa kukumbuka orodha hiyo anaandika sifa ya mtoto, wala si mwenendo wake.

Badala ya orodha, mwalimu wa mfano huu anafanya jambo dogo lisilohitaji fomu mpya. Nyuma ya andalio lake la somo anachora safu tatu: dakika, tukio, kazi iliyokuwa ikifanyika. Kwa wiki mbili, vipindi kumi vya Hisabati, anaandika kila mara mtoto huyu anapowasumbua wenzake. Hahitaji kumkodolea macho muda wote. Anaandika tu pale ambapo angemkemea, na anatazama saa.

Kipindi ni dakika 40. Mwalimu hufundisha na kutoa mifano ubaoni kwa dakika kama 12, kisha huandika maswali kumi ambayo wanafunzi huyanakili na kuyafanya. Mtoto huyu humaliza dakika ya 21. Wengi wa darasa humaliza karibu dakika ya 33, na dakika saba zilizobaki hutumika kufanya masahihisho ubaoni. Kati ya dakika ya 21 na ya 33 utaratibu wa darasa humpa kazi moja tu: apeleke daftari mezani kwa mwalimu lisahihishwe. Kwa kuwa yeye ni wa kwanza hakuna foleni, na daftari hurudi mkononi mwake kwa dakika moja likiwa na alama za vema juu hadi chini. Zilizobaki ni dakika 11 au 12 bila kazi yoyote, katika dawati lenye watoto wawili ambao bado wanahangaika na swali la nne.

Baada ya wiki mbili safu zina matukio 14. Kati yake 11 yameangukia ndani ya muda huohuo, baada ya yeye kumaliza na kabla ya wenzake kumaliza. Mengine matatu yametawanyika. Mwalimu wa Kiswahili, aliyeombwa naye aangalie, anarudi na habari ya kushangaza: siku za kuandika insha hakuna tukio hata moja, kwa sababu insha haiishi, na mtoto huyu huandika hadi kengele inalia. Hapo jambo linaanza kueleweka. Kwa vipindi vitano vya Hisabati kwa wiki, dakika 12 zinafanya saa nzima ya kukaa bure kila wiki, na kelele nyingi zinazolalamikiwa zimo ndani ya saa hiyo.

Mwalimu mwenye haraka angeishia hapo na kusema mtoto ana akili nyingi, apewe kazi zaidi. Kuna hatua moja ambayo haifai kurukwa, nayo ni kulifungua daftari na kulisoma kwa utulivu, kurasa za mwezi mzima. Kumaliza mapema kuna sura kadhaa na kila moja inadai maoni yake. Wako wanaomaliza mapema na kazi ikawa sahihi. Wako wanaokimbia ili wawe wa kwanza mezani, wakanakili 68 badala ya 86 na kusahau kuandika kilo au shilingi mbele ya jibu. Hao tatizo lao ni haraka, na kuwaongezea kazi ngumu kutaongeza makosa. Wako pia waliojifunza kuandika chochote ili waonekane wamemaliza, kwa sababu somo limewapita. Wote watatu hupiga kelele dakika ya 25, na kwa mbali wanafanana kabisa.

Daftari la mtoto wa mfano linaonyesha kwamba yumo katika kundi la kwanza, pamoja na tabia moja ya kundi la pili. Majibu yake ni sahihi, ila njia haionekani. Swali la hatua nne analiandika kwa hatua moja na jibu. Maswali ya kawaida hayamwadhibu kwa hilo, kwa kuwa kichwa chake kinabeba hesabu yote. Mara mbili katika mwezi huo, kwenye maswali marefu ya sehemu na asilimia, amekosa, na kwa kuwa hakuandika hatua hakuweza kuona alikokosea. Hilo ni jambo la kweli la kumwambia mzazi, na halingeonekana kwenye alama ya 46.

Wakati huohuo kuna watoto wengine wawili wa dawati hilo wa kufikiriwa, hasa mmoja wao. Jirani wa kushoto katika dawati lile hupata alama 17 au 18. Mtoto mwerevu akimaliza humgeukia na kumtajia majibu, kwa nia njema mara nyingine, na mara nyingine ili awahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Jirani hupata vema kumi kwenye daftari, kisha kwenye mtihani hukutana na asichokielewa. Kelele husikika na kila mtu, lakini hasara hii haina sauti, nayo ni nzito kuliko kelele. Maoni yanayotaja kelele peke yake yanaificha.

Mtafiti wa Marekani Jacob Kounin alianza kuchunguza nidhamu ya darasani kutokana na tukio la kawaida kabisa. Alimkemea mwanafunzi wake wa chuo aliyekuwa akisoma gazeti wakati wa somo, akaona kwamba waliobadilika ni wale wengine ambao hawakukemewa. Alitumia miaka mingi kutafuta ni makemeo ya aina gani yanayofaa, na baadaye akanasa masomo ya shule za msingi kwa kamera ili ayachunguze. Katika kitabu alichotoa mwaka 1970 alieleza kwamba namna ya kukemea haikuwatofautisha sana walimu wenye madarasa tulivu na wale wenye madarasa ya vurugu. Waliofanikiwa walijulikana kwa mambo yaliyotangulia kosa: walikuwa wakiona kinachoendelea kila pembe ya chumba, somo lao halikusimamasimama, na kazi ya kufanya kwenye dawati ilikuwa na mabadiliko na changamoto ya kutosha. Kwa mwalimu anayeandika maoni, funzo lake ni kwamba “apunguze kelele” ni kemeo lililoandikwa kwa wino, na haliwezi kufanya zaidi ya kemeo la mdomo.

Kwa hiyo mwalimu wa mfano anajaribu kuzijaza zile dakika 12, kabla ya kuandika lolote. Jaribio la kwanza ni lile ambalo wengi hulijaribu: akimaliza maswali kumi anaongezewa mengine kumi ya aina ileile. Kwa siku mbili kunakuwa na utulivu. Siku ya tatu mtoto anamaliza dakika ya 32, pamoja na wengine, na daftari lake limejaa michoro pembezoni. Amegundua kwamba zawadi ya kumaliza ni kazi maradufu, basi amepunguza mwendo. Ukimya huo ni rahisi kuuchukulia kuwa mafanikio. Dalili ya kuutambua ni kwamba muda wa kumaliza umerefuka huku maswali yakiwa hayajawa magumu zaidi.

Jaribio la pili ni kumfanya msaidizi wa mwalimu. Anaambiwa awasaidie wenzake wa dawati. Ndani ya dakika mbili jirani ana majibu yote, na anapoitwa ubaoni kufanya swali mojawapo hawezi. Jambo hili si baya lenyewe. Liliharibika kwa kukosa sharti. Baadaye mwalimu anaweka masharti mawili: msaidizi hashiki penseli ya mwenzake na hataji namba, anauliza tu “umeanzaje?” na “sasa nini kinafuata?” Hata hivyo hafanyi hivyo kila siku. Mtoto wa miaka 11 amekuja shule kujifunza, na mzazi wake angekuwa na haki ya kuuliza anajifunza nini kipya ikiwa saa nzima kila wiki anafundisha wengine.

Jaribio la tatu ndilo linaloshika. Kwenye kona ya ubao, kabla ya somo kuanza, mwalimu anaandika swali moja lenye kina. Yeyote aliyemaliza na kusahihishiwa anafungua kurasa za nyuma za daftari na kulifanyia kazi, na si lazima alimalize siku hiyo. Haligharimu karatasi wala kifaa. Mfano mmoja: tafuta namba zote zilizo chini ya 50 ambazo kila moja ina vigawo vitatu tu. Mtoto mwepesi huona 4 haraka, kwa kuwa vigawo vyake ni 1, 2 na 4. Huona 9. Halafu kwa kujiamini huandika 16, akidhani kila namba ya mraba inafaa, na mwalimu akimwambia aorodheshe vigawo vyake anakuta ni vitano: 1, 2, 4, 8 na 16. Hapo ndipo anapokaa kimya na kufikiri. Anafuta, anajaribu 25, anajaribu 36 na kuona ina vigawo tisa, anafika 49. Majibu ni 4, 9, 25 na 49, na swali linalobaki ni kwa nini hizo na si nyingine. Ili ajibu, hana budi kuandika orodha za vigawo moja baada ya nyingine. Hatua alizokuwa akiziruka sasa zinamsaidia yeye mwenyewe.

Si kila swali la kona linahitaji ugunduzi wa namna hiyo. “Tunga swali la biashara ya sokoni ambalo jibu lake ni shilingi 3,600 na linalohitaji kuzidisha na kutoa” linatosha kumshughulisha mtoto dakika kumi, na swali alilolitunga linaweza kufanywa na darasa zima kesho yake. Kipimo ni kimoja: je, anayejua sana anaweza kukosea? Kama hawezi, dakika bado ni tupu.

Wiki mbili zinazofuata mwalimu anarudia safu zake tatu. Matukio yameshuka kutoka 14 hadi matano, na matatu kati ya hayo ni ya siku ambazo yeye mwenyewe hakupata muda wa kuandika swali la kona. Hayo nayo anayaandika. Hesabu hii ya darasa moja haithibitishi kanuni yoyote ya jumla, lakini inatosha kumwezesha kusema kwa haki juu ya mtoto mmoja. Sasa ana kitu cha kuandika.

Nafasi ya maoni kwenye ripoti huwa mistari miwili au mitatu, na nyongeza nyuma ya karatasi haisomwi. Rasimu ya kwanza inayokuja ni hii: “Ana akili sana, ila akimaliza kazi huwasumbua wenzake. Aache tabia hiyo.” Ni bora kuliko ile ya mwanzo, kwa kuwa imetaja wakati. Imebakiwa na mambo mawili yasiyofaa.

La kwanza ni kusifia akili yenyewe. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa darasa la tano Marekani. Baada ya mafumbo ya kwanza, baadhi ya watoto waliambiwa wamefaulu kwa sababu wana akili, wengine kwa sababu wamejitahidi. Walipopewa nafasi ya kuchagua kazi iliyofuata, waliosifiwa akili walielekea zaidi kuchagua kazi ya kuwahakikishia sifa, na waliosifiwa juhudi walielekea zaidi kuchagua kazi ya kuwafundisha kitu. Baada ya kukutana na mafumbo magumu yaliyowashinda, wale wa kwanza walishuka pia katika mafumbo rahisi yaliyofuata. Mtoto wa mfano huu ni mtu hasa wa kuumizwa na sifa hiyo, maana tayari anaruka hatua ili aonekane mwepesi. Badala ya kuandika kwamba ana akili, mwalimu anaweza kuandika anachokifanya vizuri: anaelewa mfano mara moja, kazi zake nyingi ni sahihi, anaendelea na swali gumu hata siku ya pili.

La pili ni ile amri ya mwisho. “Aache tabia hiyo” haisemi shule imefanya nini wala nyumbani kifanyike nini. Mzazi hayumo darasani dakika ya 21. Hawezi kumzuia mtoto asizungumze Hisabati ikiendelea, hata akitaka. Anachoweza kufanya ni kitu cha mezani, jioni, kinachogusa udhaifu uleule.

Rasimu ya mwisho ni hii:

“Anaelewa Hisabati haraka na kazi zake nyingi ni sahihi. Akimaliza kabla ya wenzake huzungumza na kuwatajia majibu, na wanaokaa naye hawajifunzi. Tangu Mei anapewa swali moja gumu kila akimaliza. Usumbufu umepungua sana. Bado anaruka hatua, na hivyo hukosa maswali marefu. Nyumbani: kila siku awaeleze kwa mdomo hatua za hesabu moja. Asiongezewe kazi za aina ileile.”

Yana maneno kati ya 50 na 60, yanaingia kwenye mistari mitatu kwa mwandiko mdogo. Yametaja kosa bila kulainisha: wenzake hawajifunzi. Yametaja wakati wa kosa, kwa hiyo bibi akisomewa anaweza kuuliza, “Na ukimaliza unafanya nini siku hizi?” na mtoto ana jibu. Mwalimu wa mwaka unaofuata amepewa dawa iliyokwisha kujaribiwa. Agizo la nyumbani halihitaji mzazi awe amesoma Hisabati, kwa kuwa kazi yake ni kusikiliza na kuuliza “kwa nini?” pale mtoto anaporuka. Sentensi ya mwisho imewekwa kwa sababu mzazi mwenye bidii, akisikia mtoto humaliza mapema, hukimbilia kununua kitabu cha mazoezi na kumpa kurasa tano kila usiku, akirudia bila kujua jaribio lililokwisha kushindwa.

Lipo tatizo ambalo maneno mazuri hayalitatui. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti wake kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita nchini Israeli. Baadhi walirudishiwa kazi zikiwa na maoni tu, baadhi alama tu, na baadhi alama pamoja na maoni. Waliopata maoni peke yake ndio waliofanya vizuri zaidi na kuendelea kuipenda kazi. Waliopewa vyote viwili hawakufaidika na maoni kama wale wa kwanza. Wenye alama za juu hawakupoteza hamu, lakini kuambatanisha alama na maoni kulifuta faida ya maoni. Ripoti ya shule ni hali hiyohiyo: jedwali la alama juu, nafasi darasani pembeni, maoni chini kabisa. Mtoto aliyeshika namba 2 ataona namba 2.

Mwalimu hawezi kuiondoa nafasi kwenye ripoti. Anaweza kuyatoa maoni mapema. Katikati ya muhula anaandika sentensi zilezile mbili tatu kwenye daftari la mtoto, chini ya kazi isiyokuwa na alama yoyote, na kumwita mezani azisome akiwa peke yake, darasa likiwa limetoka kwa mapumziko. Mtoto akisikia “unaporuka hatua unakosa maswali marefu, tazama hili na hili” huku hakuna namba ya kukimbilia, husikia. Ripoti inapofika haina jipya kwake, nayo inamkuta akiwa ameshaanza kubadilika. Mtoto anayeligundua kosa lake kwenye ripoti, mbele ya bibi, siku ya kufunga shule, amecheleweshwa.

Ipo pia mipaka ambayo mwalimu hapaswi kuivuka. Siku hizi maneno ya hospitali yamefika ofisi za walimu, na mtoto asiyetulia huweza kuambiwa ana ugonjwa. Mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa akili, toleo lake la tano la mwaka 2013, unadai dalili za kutotulia au kutokuwa makini ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zidumu angalau miezi sita, zionekane katika mazingira mawili au zaidi kama vile nyumbani na shuleni, na ziwe zinaathiri maisha ya mtoto. Uamuzi huo ni wa mtaalamu. Lakini safu tatu za mwalimu zina msaada hapa pia. Mtoto wa mfano hutulia kwenye insha na kwenye swali gumu, na vurugu yake ina saa maalumu. Mwingine angekuwa anahangaika hata kwenye kazi anayoipenda, anapoteza kalamu kila siku, hawezi kungoja zamu hata mchezoni, na mama yake akiulizwa angesema hivyohivyo kuhusu nyumbani. Kwa huyo, maoni ya ripoti si mahali pake. Mzazi huitwa kwa mazungumzo ya ana kwa ana, huonyeshwa yaliyoandikwa, na kushauriwa aende hospitali. Kuandika jina la ugonjwa kwenye karatasi ambayo mtoto ataisoma kwa sauti ni dhuluma, hata kama baadaye daktari angekubaliana nalo.

Swali litakaloulizwa ni la muda, na ni swali la haki. Tangu elimu bila malipo ilipoanza kutekelezwa Tanzania Januari 2016 madarasa ya shule nyingi za msingi yamefurika, na mwalimu mwenye ripoti 58, akitumia dakika kumi kwa kila moja, anahitaji karibu saa kumi kwa maoni peke yake. Hakuna anayetarajia safu tatu za kila mtoto. Wanaohitaji uchunguzi wa wiki mbili katika darasa moja ni wachache, labda watatu au wanne kwa muhula, nao ni walewale ambao tayari wanamla mwalimu muda kwa kukemewa. Mwalimu wa mfano alikuwa akikemea zaidi ya mara moja kwa kipindi. Muda huo umehamishwa tu.

Kinachobaki ni kisanduku cha mwalimu mkuu, kilicho chini ya kile cha mwalimu wa darasa. Mara nyingi hujazwa kwa maneno mamoja kwa shule nzima, na pale panapoandikwa “aongeze bidii” chini ya maoni kama yaliyotangulia, mzazi huona watu wawili wasiosemezana. Mwalimu mkuu aliyeyasoma ya mwenzake anaweza kuandika sentensi moja tu, na ikawa na uzito kuliko muhuri: “Utaratibu wa swali la ziada utaendelea Darasa la Sita, mzazi afike shuleni wiki ya pili ya Februari tuone maendeleo.” Tarehe hiyo huingizwa kwenye kalenda ya ofisi siku hiyohiyo, na kurasa zile za safu tatu, zikiwa na matukio 14 upande mmoja na matano upande mwingine, hukabidhiwa mwalimu wa Darasa la Sita pamoja na daftari la mahudhurio.